"Wiketi Imeanguka" au "Mpigaji Ametolewa"? Ulinganisho wa njia tatu za kuiandika kriketi kwa Kiswahili

Tarehe 19 Novemba 2023, mjini Ahmedabad, India ilimaliza zamu yake ya kupiga katika fainali ya Kombe la Dunia la kriketi ikiwa na mikimbio 240. Australia ikaingia, ikafikisha mikimbio 241 huku wapigaji wake wanne tu wakiwa wametolewa, na mchezo ukaishia hapo. Kwa desturi ya Kiingereza matokeo hayo hutangazwa kwa kifungu kifupi ambacho, kikihamishwa neno kwa neno, kinasema kuwa Australia imeshinda "kwa wiketi sita". Msomaji wa Kiswahili aliyezoea kusikia kuwa timu imeshinda kwa mabao matatu atadhani kwamba wiketi ni kitu kinachofungwa, na kwamba Australia ilizifunga sita zaidi ya mpinzani wake. Hakuna neno gumu katika sentensi hiyo, wala hakuna kosa la sarufi, na bado imemwambia jambo ambalo halikutokea.

Anayetafsiri kriketi ana njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kutohoa, yaani kulichukua neno la Kiingereza na kulivika tahajia ya Kiswahili. Ya pili ni kutafsiri kila neno kwa maana yake ya kamusi. Ya tatu ni kuliweka kando neno lenyewe, kulitazama tendo linalofanyika uwanjani, kisha kutafuta namna ambavyo Mswahili aliyelishuhudia angelisimulia. Nitazilinganisha kwa kutumia neno wiketi na njia ambazo mpigaji hutolewa mchezoni, kwa sababu hapo ndipo uteuzi mbaya wa neno unapogeuza maana badala ya kuharibu ladha tu.

Neno moja, vitu vitatu

Katika Kiingereza cha kriketi, wiketi ni vitu vitatu kwa wakati mmoja. Kwanza ni kile kinachosimama mwishoni mwa uwanja wa kati: vigingi vitatu vyenye kimo cha sentimita 71 na upana wa jumla wa sentimita 23 hivi, pamoja na vijiti viwili vilivyolazwa juu yake. Pili ni tukio la mpigaji kutolewa, hata kama vigingi havikuguswa kabisa. Tatu ni ule ukanda wa ardhi wenye urefu wa mita 20.12 unaounganisha vigingi vya upande mmoja na vya upande wa pili.

Kutohoa kunafaa sana kwa maana ya kwanza. Wiketi ni kifaa, hakina mfano wake katika michezo mingine, na neno lenyewe linatamkika bila taabu. Anayelazimisha jina jipya kwa kifaa hicho anamwongezea msomaji mzigo pasipo faida. Vigingi na vijiti, kwa upande mwingine, tayari ni maneno yetu na yanaeleza hasa yanachotaja, hivyo sioni sababu ya kuviazimia majina.

Kwa maana ya pili, kutohoa kunapotosha. Mtangazaji akisema "wiketi imeanguka" wakati mpigaji amedakiwa mpira kwenye mpaka wa uwanja, msikilizaji ataona akilini mwake vigingi vikianguka, ilhali vimesimama wima na hakuna aliyevikaribia. Kinachofaa ni "mpigaji ametolewa". Kwa maana ya tatu, mwandishi anayesema kuwa wiketi "inanata" baada ya mvua atawafanya wasomaji wadhani vigingi vimepakwa gundi, na hali alitaka kusema kuwa ukanda umelowa na mpira unadunda bila kutabirika. Neno ukanda linatosha, na linaiachia wiketi maana yake moja iliyo wazi.

Sasa turudi kwenye ushindi wa "wiketi sita". Wapo wanaojaribu kuufafanua kwa kuandika kuwa Australia ilishinda "ikiwa imebakiza wapigaji sita". Nia ni njema, lakini hesabu imekosewa. Timu ina wachezaji 11, na wapigaji husimama wawili wawili, mmoja kila mwisho wa ukanda. Wakishatolewa 10, wa 11 hana mwenzake, kwa hiyo zamu inaisha naye akiwa hajatolewa. Wiketi huhesabiwa kati ya 10, na wachezaji huhesabiwa kati ya 11. Australia ilipopoteza wanne ilikuwa imebakiza nafasi sita za kutolewa, lakini wachezaji ambao hawakutolewa walikuwa saba. Njia salama ni kutaja kilichopotea: "Australia imeshinda ikiwa imepoteza wapigaji wanne tu." Sentensi hiyo haihitaji maelezo ya pembeni, na hata mtu anayeiona kriketi kwa mara ya kwanza anaielewa.

Timu iliyopiga kwanza ikishinda, ugumu huu haupo. Kenya ilipoishinda Sri Lanka jijini Nairobi mwezi Februari 2003, ilikuwa imepata mikimbio 210 nayo Sri Lanka ikaishia 157. Hapo "imeshinda kwa mikimbio 53" ni Kiswahili kisicho na kasoro, kwa sababu tofauti inayotajwa ni tofauti ya kweli ya alama kati ya timu mbili.

Namna ya kutoka mchezoni

Kanuni za kriketi, zinazotunzwa na Klabu ya Kriketi ya Marylebone, zinataja njia tisa za mpigaji kutolewa, kuanzia kanuni ya 32 hadi ya 40. Fainali ya Ahmedabad ilikuwa na nne kati ya hizo zinazoonekana mara nyingi zaidi, na matukio matatu ya zamu ya India yanatosha kuonyesha kila njia ya kutafsiri inatupeleka wapi.

Anayetohoa ataandika hivi: "Kohli alibouliwa na Cummins akiwa na rani 54, Rohit alikuwa koti kwa Head, na Kuldeep akawa ranauti." Aliyekwisha kuijua kriketi kwa Kiingereza ataelewa, lakini huyo hakuwa na haja ya tafsiri. Asiyeijua anabaki na kitenzi ambacho hakipo, pamoja na koti ambalo kwake ni vazi la baridi.

Anayetafsiri neno kwa neno ataandika: "Kohli alirushiwa na Cummins baada ya kukimbia 54, Rohit alikamatwa na Head, na Kuldeep alikimbia nje." Kila neno ni la Kiswahili, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa maana msomaji hapati ishara yoyote kwamba ameachwa njiani. Kila mpigaji hurushiwa mpira tangu anapoingia hadi anapotoka, hivyo kurushiwa hakumtoi mtu. Aliyekamatwa yumo mikononi mwa askari. Aliyekimbia nje ameondoka kwa miguu yake mwenyewe.

Anayefuata tendo ataandika: "Kohli aliangushiwa wiketi na Cummins akiwa na mikimbio 54, baada ya mpira kugusa ukingo wa gongo lake la kupigia, Rohit, akiwa na mikimbio 47, alidakiwa na Head, aliyekimbia kurudi nyuma akajitupa na kuudaka, na Kuldeep aliwahiwa kwenye mpira wa mwisho wa zamu."

Toleo hili la tatu linaitegemea nyenzo ambayo Kiswahili kinayo na Kiingereza hakina, yaani kauli ya kutendewa inayotokana na kutendea. Tofauti kati ya "Rohit alidakwa na Head" na "Rohit alidakiwa na Head" ni sauti moja tu, lakini katika sentensi ya kwanza kilichodakwa ni Rohit, na katika ya pili kilichodakwa ni mpira wake, naye ndiye aliyepata hasara. Ni mnyambuliko uleule tunaoutumia tunaposema fulani amefiwa au ameibiwa: tendo limefanyika kwa kitu kingine, athari imemfika yeye. Kutolewa katika kriketi kwa kawaida kuna umbo hilohilo, kwa sababu wapinzani hawamshiki mpigaji, bali hutenda jambo kwa mpira au kwa wiketi yake, na yeye hulipa.

Kwa mnyambuliko huo istilahi nyingine zinajipanga zenyewe. Mpigaji ambaye mpira wa mrushaji umegonga vigingi vyake "ameangushiwa wiketi". Nimechagua kuangusha badala ya kuvunja kwa sababu ya kanuni yenyewe: wiketi huhesabiwa kuwa imeangushwa pale ambapo angalau kijiti kimoja kimetoka kabisa juu ya vigingi, au kigingi kimeng'olewa ardhini. Mpira ukigusa kigingi, kijiti kikaruka kidogo na kutua tena mahali pake, mpigaji anaendelea. Neno kuvunja lingemfanya msomaji atafute ufa kwenye mti, na kuangusha kunamfanya atazame kijiti, mahali hasa anapotazama mwamuzi. Mpigaji akigonga vigingi vyake mwenyewe kwa gongo au kwa mwili wakati wa kupiga, tunaongeza kirejeshi tu: "amejiangushia wiketi". Sijaona tafsiri ya kriketi inayonipendeza kuliko hii, maana kiambishi kimoja kimefanya kazi ya sentensi nzima.

Kuwahiwa nako kunahitaji maelezo mafupi. Mpigaji anayekimbilia upande wa pili hutolewa ikiwa wapinzani wataiangusha wiketi kabla yeye au gongo lake halijagusa ardhi nyuma ya mstari. Hayo ni mashindano ya nani atafika kwanza, na kitenzi kuwahi kimebeba wazo hilo tangu zamani. Kuldeep aliwahiwa. Hakuna haja ya kuongeza kitu.

Kuna kishawishi cha kutumia kuwahiwa pia kwa mpigaji aliyevuka mstari ili aupige mpira, akaukosa, na mlinda wiketi akaudaka na kuangusha vigingi kabla hajarudi. Kwa macho matukio haya mawili yanafanana, lakini kumbukumbu za mchezo zinayatenganisha: mrushaji hupewa sifa kwa huyu wa pili, wala hapewi kwa aliyewahiwa. Mtafsiri akiyaunganisha, hesabu ya warushaji kwenye ripoti yake haitalingana na jumla ya wapigaji waliotolewa, na msomaji makini atadhani kuna aliyesahauliwa. Kwa huyo napendekeza "amenaswa nje ya mstari".

Njia ya mwisho kati ya zile tisa ilizungumziwa sana katika mashindano hayohayo. Tarehe 6 Novemba, mjini Delhi, Angelo Mathews wa Sri Lanka alitolewa bila kupokea hata mpira mmoja, kwa kuwa hakuwa tayari kupokea mpira ndani ya dakika mbili zilizoruhusiwa. Lilikuwa tukio la kwanza la aina hiyo katika kriketi ya kimataifa. "Ameishiwa na muda" ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Sisi tunasema "amechelewa", au kwa ukamilifu, "ametolewa kwa kuchelewa".

Mguu mbele ya wiketi

Tukio la nne la Ahmedabad ndilo gumu zaidi. Steve Smith wa Australia, akiwa na mikimbio 4, alikosa mpira wa Jasprit Bumrah ukamgonga mguuni, na mwamuzi akanyoosha kidole. Kwenye ubao wa matokeo herufi zinazoandikwa ni `lbw`, na tafsiri yake ya neno kwa neno ni "mguu mbele ya wiketi".

Maneno hayo yana makosa mawili kwa mkupuo mmoja. La kwanza ni kwamba si lazima uwe mguu. Bega, kifua au hata kofia ya kujikinga vinaweza kumtoa mpigaji. Kinachosamehewa ni mkono ulioshika gongo, kwa sababu kanuni inauhesabu kuwa sehemu ya gongo. La pili ni zito zaidi: maneno yanadokeza kuwa kosa ni kuuweka mguu mbele ya vigingi, ilhali wapigaji husimama hapo siku nzima bila kukosea. Swali la mwamuzi si mguu ulikuwa wapi, bali mpira ungekwenda wapi kama mwili usingeuzuia.

Kutohoa hapa hakuwezekani kabisa, kwa kuwa herufi tatu hazina cha kutamka. Napendekeza "mwili umekinga wiketi", na katika simulizi fupi, "ametolewa kwa kukinga". Kitenzi kukinga kinabeba kipimo chenyewe, kwani huwezi kukinga kitu ambacho hakikuwa kikielekewa. Kama mpira ulikuwa unapita pembeni, mwili haukukinga chochote, na mpigaji hana hatia. Nasisitiza mwili uwe kiima wa sentensi inapotajwa kanuni, kwa sababu "mpigaji amekinga" huonyesha kusudi, na kanuni hii haiulizi kusudi. Lipo kosa jingine, la kuwazuia wapinzani kwa makusudi, nalo lina kanuni yake ya 37.

Hata hivyo, istilahi nzuri haimwondolei mtafsiri wajibu wa kueleza. Smith aliondoka bila kuomba uamuzi upitiwe, kisha picha za marudio zikaonyesha kuwa mpira ulimgonga nje ya mstari wa kigingi cha pembeni. Mpigaji aliyejaribu kupiga kwa dhati hatolewi kwa mpira uliomgonga nje ya mstari huo upande ambao kifua chake kinauelekea, hata kama ungegonga vigingi baadaye. Sharti hilo halimo ndani ya neno kukinga, na hakuna neno lolote linaloweza kulibeba. Lakini msomaji aliyeanza na "mwili umekinga wiketi" anaweza kuongezewa sharti moja na akaelewa. Aliyeanza na "mguu mbele ya wiketi" itabidi kwanza asahaulishwe alichokwisha kukiamini.

Ambapo njia nyingine zinashinda

Isidhaniwe kuwa kufuata tendo ndiyo njia ya kila mahali. Neno mikimbio ni tafsiri ya neno kwa neno, na ukilikagua kwa ukali utaliona lina dosari, kwani mpira ukivuka mpaka wa uwanja timu hupata mikimbio minne au sita bila mtu kukimbia. Hata hivyo nalitetea. Kukimbia kati ya vigingi ndicho chanzo cha alama zote za kriketi, neno limekwisha kuzoeleka katika habari za michezo, na mbadala wake, pointi, lingegongana na pointi za msimamo wa ligi.

Kwa seti ya mipira sita halali inayorushwa kutoka upande mmoja, ova inashinda bila ushindani. Tafsiri ya kamusi ingetupa "juu" au "zaidi", ambayo ni upuuzi, na neno zamu tumekwisha kulihitaji kwa kipindi kizima cha timu kupiga. Mtafsiri aangalie tu namba. Ubao ukionyesha ova `42.3`, maana yake ni ova 42 na mipira mitatu, wala si sehemu tatu za kumi, kwa hiyo kuandika "ova arobaini na mbili na nusu" ni sahihi, ingawa `42.5` si nusu hata kidogo.

Gongo lina historia yake. Ukilitohoa jina lake la Kiingereza utapata bati, ambalo kwetu huezekwa nyumba; ukilitafuta katika kamusi bila kusoma muktadha unaweza kuangukia popo, maana Kiingereza humwita mnyama huyo kwa neno hilohilo. Gongo linabaki kuwa chaguo bora, japo mtafsiri anayewaandikia wasomaji wa Tanzania afahamu kuwa huko ni jina la pombe haramu pia, na aliambatanishe na kitenzi cha kupiga mara ya kwanza linapotokea.

Jambo ambalo sitalilegezea ni jina la anayerusha. Wengi huandika "mtupaji", na katika mazungumzo ya kawaida kurusha na kutupa hukaribiana. Katika kriketi vitendo hivi viwili ni tofauti ya halali na haramu. Mpira kwa mpigaji lazima uje kwa mkono usiokunjuka kiwikoni kama wa mtu anayevurumisha jiwe. Baraza la Kimataifa la Kriketi linaruhusu kiwiko kinyooke kwa nyuzi zisizozidi 15, na anayezidisha huambiwa ametupa, na mpira wake haukubaliwi. Kumwita mrushaji "mtupaji" ni kumtia hatiani kila anapotajwa. Kurusha kuwe kwa mrushaji peke yake, na kutupa kubaki kwa wadakaji walioenea uwanjani, ambao hawana kikwazo hicho wanapourudisha mpira.

Kuhusu pande za uwanja, Kiingereza hutaja moja kwa mguu na nyingine kwa neno ambalo lenyewe halionyeshi upande wowote, na zote mbili hugeuka mpigaji anapotumia mkono wa kushoto, kwa hiyo "kulia" na "kushoto" haziwezi kutumika. Mpigaji husimama ubavu, kifua chake kikielekea upande mmoja na mgongo upande wa pili. Nimekuwa nikiandika "upande wa kifuani" na "upande wa mgongoni", nao hugeuka pamoja naye. Head alipomdaka Rohit alikuwa akikimbia upande wa kifuani, akiyapa mgongo maeneo aliyotokea, na msomaji anaweza kumchora mahali pake bila kuambiwa Rohit anatumia mkono gani.